Pampu ya Kitinda

Kule kwenye mtambo wa majitaka kila mtu alimwita Valvu, na yeye mwenyewe alishazoea kiasi kwamba ukimwita kwa jina lililo kwenye cheti chake hageuki. Jina hilo alilipata kihalali. Miaka kumi na tisa alikuwa akifungua na kufunga valvu za nyumba ya pampu, na alikuwa na tabia ya kuweka sikio kwenye bomba kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto. Akishasikiliza anakwambia: huyu amemeza kitambaa, huyu beringi imechoka, huyu mzima, mwache. Mara nyingi alikuwa sahihi, na alihakikisha watu wanajua kwamba alikuwa sahihi.

Kazi hiyo alirithishwa na baba yake, aliyekuwa kwenye nyumba ile ile ya pampu hadi alipostaafu. Baba ndiye aliyemfundisha kanuni ya kwanza, akimshika mkono juu ya usukani wa chuma: funga valvu ya kutokea, washa pampu, subiri mshale wa geji ya presha utulie, kisha fungua taratibu. Funga, washa, fungua. Pampu zote za pale zilikuwa za feni, zile ambazo ndani yake feni nzito ya chuma inazunguka kwa kasi na kuyarusha maji nje. Pampu ya namna hiyo ukiiwasha valvu ikiwa imefungwa haina ubaya wowote kwa muda mfupi. Feni inakoroga maji pale pale, presha inapanda hadi kiwango chake na kusimama, na mota inaamka bila kulemewa. Valvu alifanya hivyo maelfu ya mara. Mikono yake ilijua kabla yeye hajafikiri.

Sasa basi, Valvu alikuwa na mdogo wake. Nyumbani walimwita Kitinda, kwa sababu ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao, na mama naye akafariki mtoto akiwa hajaota meno. Aliyembeba mgongoni ni Valvu. Aliyemlisha uji, akamfundisha kufunga kamba za viatu, akamgombeza kwa kuchora kwenye ukuta, ni Valvu. Mtoto akakua, akawa na kichwa chepesi, akasoma mambo ya majitaka chuoni, na siku moja akaajiriwa kwenye mtambo ule ule, kwenye maabara. Alikuja na koti jeupe na daftari, na kicheko kinachosikika mpaka getini. Ndani ya wiki mbili wafanyakazi wote wakawa wanamwita Kitinda kama vile wao ndio waliomzaa.

Valvu alifurahi, na asiseme mtu kwamba hakufurahi. Lakini furaha ile ilikuwa na mwiba. Kitinda alipokuja kuwatembelea, baba, ambaye aliishi kwa Valvu, aliketi sebuleni na kumwambia, "Hebu nieleze, mwanangu, siku hizi tope mnalipimaje?" Kitinda akaeleza, baba akatikisa kichwa kwa raha, akauliza tena na tena. Valvu alikuwa jikoni akikwangua sufuria. Miaka kumi na tisa ametoka kazini jioni ananuka majitaka, na mzee hajawahi kumuuliza chochote zaidi ya chakula kimeiva saa ngapi. Alikwangua sufuria ile mpaka baba akauliza kwa sauti kama anataka kuitoboa.

Matatizo yenyewe yalianza lilipojengwa tangi jipya la kukazia tope. Zamani tope lililotoka kwenye matangi ya kutuliza lilikuwa jepesi, linamiminika karibu kama maji machafu. Katika kila gramu mia, gramu mbili tu ndizo zilizokuwa yabisi, kilichobaki ni maji. Kuyasukuma maji yote hayo hadi kwenye tangi la kuozeshea ilikuwa hasara, likajengwa tangi la kuyachuja yabaki kidogo. Tangi likafanya kazi yake vizuri mno. Tope likawa zito kama uji wa mgonjwa uliolala sufuriani, na pampu kuu ya Valvu ikagoma.

Haikuzimika, afadhali ingezimika. Ilinguruma kama kawaida, mota ikazunguka, lakini upande wa pili wa bomba, mita mia mbili na arobaini mbele, tope lilitoka kwa kudondoka. Valvu akaifungua, akasafisha feni, akabadilisha beringi, akaifunga. Hali ile ile. Akaja na dawa yake mwenyewe: kabla ya kuwasha, anaingiza maji kwenye bomba la kuvutia, tope linalainika, linakwenda. Akatamba siku tatu.

Siku ya nne Kitinda akaja na trei ndogo ya bati kutoka kwenye oveni ya maabara. Ndani kulikuwa na ukoko mweusi, mkavu.

"Dada, hiki ndicho kilichobaki kwenye gramu mia," alisema. "Gramu sita. Na hii nyingine ni ya baada ya wewe kutia maji. Gramu mbili na nusu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tunakamua maji kule, halafu tunayarudisha hapa. Tangi jipya linafanya kazi bure."

Meneja wa mtambo alikuwa amesimama pale pale, mikono nyuma. Angekuwa hayupo, Valvu angecheka na kumwita mdogo wake mchawi wa ukoko. Lakini Meneja alikuwepo, na aliinamia ile trei kama imebeba dhahabu.

"Sasa tufanyeje?" Meneja akauliza, na hakumwuliza Valvu.

"Tununue pampu kubwa zaidi ya feni," Valvu akajibu bila kuulizwa. "Yenye nguvu mara tatu. Tope limekuwa zito mara tatu, basi nguvu mara tatu. Hesabu ya mtoto."

Kitinda hakumcheka. Laiti angemcheka! Alichukua bakuli mbili, moja ya maji na moja ya tope, akaziinamisha. Maji yakatembea mara moja. Tope likakaa. Akainamisha zaidi, bado limekaa, akainamisha tena, ndipo likateleza lote kwa pamoja.

"Maji yanakubali hata ukiyasukuma kidogo," alisema. "Tope zito lazima kwanza ulilazimishe ndipo liondoke, na likishaondoka linajisugua kwenye bomba na lenyewe kwa lenyewe. Yabisi ikizidi mara tatu, msuguano hauzidi mara tatu, unazidi mara nyingi zaidi. Na pampu ya feni kwenye tope kama hili inapungukiwa hata na nguvu yake yenyewe. Lile jedwali la nguvu za pampu linalotoka kiwandani lilipimwa kwa maji, si kwa tope. Tena tukinunua kubwa, tope likibadilika kidogo tu, leo zito, kesho jepesi, mtiririko unapanda na kushuka hovyo."

Alitaka pampu ya skrubu. Chuma kirefu kilichosokotwa, kinazunguka polepole ndani ya koti la mpira, kila mzunguko kinabeba fungu lile lile la tope na kulipeleka mbele, liwe jepesi au zito. Alitaka ikae chini kabisa ya tangi, bomba la kuvutia liwe fupi na pana, kwa sababu tope zito linaweza kusukumwa lakini halipendi kuvutwa. Na bomba la kupelekea liwe jipya, pana kuliko la zamani, lenye kona chache.

Meneja akasema, "Andika yote hayo, nitayapeleka juu."

Wivu ulimpanda Valvu kooni, akaumeza, ukarudi tena. Hakuwa mjinga, aliona kwamba mdogo wake ana hoja. Hilo ndilo lililouma. Angekuwa amekosea, ingekuwa rahisi kumpenda.

Pampu ikaja. Na kabla haijafungwa, Meneja akatangaza jambo lililomnyima Valvu usingizi: nyumba ya pampu itapata msimamizi, na atamchagua pampu mpya ikishaanza kazi. Msimamizi! Cheo hicho hakikuwepo hata enzi za baba. Valvu alikuwa amekitamani tangu kabla hakijazaliwa. Usiku alimwona Kitinda akilini, amekaa kwenye kiti cha msimamizi, anachekacheka, na wafanyakazi wote wanacheka naye. Aligeuka ubavu wa pili, Kitinda akamfuata huko.

Kitinda aliwaita watu wa nyumba ya pampu awafundishe mashine mpya. Valvu akachukua kopo la grisi na kwenda kuipaka grisi pampu ya zamani, ambayo ilikuwa imeshakatwa umeme. Alisikia sauti ya mdogo wake kwa mbali na akapaka kwa bidii ili asisikie. Kitinda akabandika maelekezo ukutani, karatasi nzima kwa mwandiko wake wa mviringo. Valvu alipita mbele ya karatasi ile mara kumi kwa siku. Hakuisoma. Mwandiko ule aliufundisha yeye, kwa mkaa, kwenye sakafu ya jikoni, na sasa umepanda ukutani unamfundisha yeye kazi!

Kilibaki kifaa kimoja, swichi ya presha, ya kuizima pampu presha ikipita kiasi. Iliyoletwa haikuwa saizi yake. Kitinda akaomba wasubiri nyingine. Meneja akakataa, kwa sababu tangi lilikuwa limejaa hadi mdomoni, tope limeanza kuoza na kupanda juu kwa gesi, mabonge meusi yanaelea. "Tunawasha leo," akasema. "Swichi itafuata."

Wakakusanyika asubuhi: Meneja na shati lake jeupe, fundi umeme kwenye kabati la swichi, na dada wawili. Meneja akamwambia Kitinda awashe.

"Hapana," Kitinda akasema. "Dada awashe. Hapa ni kwake. Mimi nitakwenda kule mwisho niangalie tope likifika." Akamgeukia Valvu, akashusha sauti. "Umesoma karatasi, dada?"

"Unaniuliza mimi kama najua kuwasha pampu?"

"Basi yaishe." Kitinda akaondoka akitembea kando ya bomba jipya, simu mkononi, mpaka akapotea nyuma ya tangi la kuozeshea.

Hapa ni kwake. Anampa ruhusa! Mtoto aliyembeba mgongoni anampa ruhusa ya kuwasha pampu kwenye nyumba yake mwenyewe. Valvu aliwaza hivyo huku damu inamchemka, na wakati anawaza, mikono ilikuwa ikifanya inachokijua. Ilizungusha usukani wa valvu ya kutokea mpaka ukakaza. Ikabonyeza kitufe cha kijani.

Pampu ya skrubu ilianza kwa sauti ya chini. Mshale wa geji ukapanda. Valvu akausubiri utulie, kama alivyosubiri maelfu ya mara, ndipo afungue. Haukutulia. Pampu ya feni ingeishia kukoroga tope pale pale. Hii haijui kukoroga, inajua kupeleka tu, kila mzunguko fungu lingine, na mbele kulikuwa na mlango uliofungwa. Mshale ukapita alama nyekundu kana kwamba haupo. Bomba likatoa mlio ambao sikio la Valvu halikuwahi kuusikia, na kabla mkono wake haujafika kwenye kitufe chekundu, gasketi, ule mpira unaoziba kiungio cha bomba, ikapasuka.

Tope lilitoka kwa upana kama mwavuli unaofunguliwa. Likapaka ukuta, dari, usukani, kabati la umeme, na Meneja kuanzia kifuani hadi viatuni. Fundi umeme akakata umeme wote. Kukawa kimya, matone tu yanadondoka.

Hakuna aliyeumia, tuseme ukweli, na hiyo ilikuwa bahati tupu. Meneja alijifuta macho kwa vidole. "Pampu gani hii!" akafoka. "Mita mia mbili na arobaini, haijafika hata mita mbili! Yuko wapi Kitinda? Si ndiye aliyeichagua?" Akatoka nje kutafuta bomba la maji, fundi umeme akamfuata.

Valvu akabaki peke yake na pampu. Mkono wake ulikuwa bado juu ya usukani, na usukani ulikuwa umekaza. Hapo ndipo alipoelewa, na alielewa yote kwa mara moja, hata karatasi ambayo hakuisoma: pampu hii valvu hufunguliwa kwanza, ndipo iwashwe. Pia alielewa kwamba hakuna anayejua, maana Meneja hatambui usukani ukizungushwa unafunga au unafungua. Meneja ameshamtaja mwenye kosa. Pampu ya Kitinda imepasuka mbele ya macho ya watu, na msimamizi hawezi kuwa mtu wa pampu iliyopasuka.

Akazungusha usukani. Mizunguko kumi na nne, hadi valvu ikafunguka yote. 

Kitinda aliingia akihema. Alitazama kiungio, akatazama geji, akatazama valvu. Valvu naye akafuata macho ya mdogo wake na kuona alichokiona. Valvu zile, ukizifungua, shina la chuma lenye hesi, mikato kama ya skrubu, linapanda juu ya usukani. Usukani ulikuwa mweusi kwa tope, fremu nyeusi, ukuta mweusi, hata balbu nyeusi, na katikati ya weusi wote huo shina lilikuwa limesimama urefu wa kiganja, safi, linang'aa kwa grisi. Shina lilitoka nje baada ya tope kuruka. Mtoto mdogo angeweza kusoma hapo kwamba valvu ilifunguliwa baadaye.

Kitinda alisogea karibu. Alivua kitambaa alichojifunga kichwani, akakichovya kwenye tope la sakafuni, akalipaka lile shina kuanzia chini hadi juu, polepole, mpaka likafanana na vingine vyote.

Nyayo za Meneja zikasikika. "Kitinda! Nini hiki?"

"Kosa ni langu," Kitinda akasema. "Sikutakiwa kukubali iwashwe bila swichi ya presha. Pampu kama hii bila swichi ni hatari. Ningesimama imara."

"Nilikwambia mimi..." Meneja akaanza, akakumbuka aliyelazimisha ni nani, akakohoa. "Basi. Tutazungumza. Huko maabara huwa hakupasuki kitu, nadhani ukae huko huko. Nyumba ya pampu inataka mtu mwenye uzoefu." Akamtazama Valvu, na akamwitikia kwa kichwa.

Ndiyo hiyo. Kile alichokitamani kabla hakijazaliwa kimewekwa mkononi mwake, kina tope lakini ni chake. Valvu alimtazama mdogo wake, amesimama na kitambaa kichafu, nywele zimetimka, uso mtulivu, na uso ule mtulivu ulimchoma kuliko kicheko chochote. Ametoa cheo chake kama mtu anayetoa kiti kwa mgonjwa. Hata hajamwangalia kuona kama anashukuru.

"Valvu ilikuwa imefungwa," Valvu akasema.

"Dada, nyamaza."

"Nilifunga mimi. Nikawasha. Ikapasuka, nikafungua ili msijue. Karatasi sikusoma, na kwenye mafunzo sikwenda. Meneja, pampu haina tatizo. Badilisheni gasketi, angalieni koti la mpira kama halijachanika, fungueni valvu, mtaona inavyopeleka."

Meneja alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Kisha akasema maneno machache makali: Valvu asiguse kitufe chochote mwezi mzima, na kwamba cheo amekikosa walifahamu bila kutamkwa. Akaenda kubadilisha shati.

Walipobaki wawili, Kitinda akamgeukia, macho yamejaa machozi ya hasira. "Kwa nini? Nilishakufichia! Ungepata cheo, mimi ningerudi maabara, ningeshinda na trei zangu, yangeisha! Uliona huruma?"

"Huruma gani?"

"Sasa nini?"

Valvu alipangusa usukani kwa kiganja, ingawa kiganja kilikuwa kichafu kuliko usukani. Angeweza kudanganya kwamba ni dhamiri. Lakini alishachoka.

"Una akili wewe," akasema. "Baba anakusikiliza wewe. Watu wanacheka ukicheka. Halafu na hili nalo uchukue? Uwe wewe ndiye uliyebeba kosa langu, mimi nikae kwenye kiti kila siku nikijua wewe ndiye mwema? Hapana. Kosa ni langu. Hili huninyang'anyi."

Kitinda alimkodolea macho. Kisha kicheko kikamponyoka, kile kile cha kusikika getini, akajishika mbavu, machozi yakamchirizika mashavuni.

"Dada, yaani hata hilo unanionea wivu?"

"Hata hilo," Valvu akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutajwa kati yao. Kisha wakachukua spana, kila mmoja upande wake wa kiungio, wakaanza kulegeza bolti.